Mkataba uliisha nikiwa kwenye likizo ya uzazi: nirudije kazini, na saa za kazi niziombeje?

Shikamoo, Bi Mshauri.

Nina miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam. Kwa miaka minne nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni moja, nikiandaa mishahara ya watu 40 hivi. Mkataba wangu wa muda maalumu uliisha nikiwa bado kwenye likizo ya uzazi na haukuhuishwa, ingawa mara tatu za nyuma ulihuishwa bila maneno. Nilikaa nyumbani kumlea mtoto, ambaye sasa ana miezi 11 na bado ananyonya. Mama yangu amekuja kunisaidia.

Wiki mbili zijazo nimeitwa usaili, ukiwa na jaribio la vitendo, kwa muuzaji wa vipuri vya magari pale Gerezani. Tangazo lilisema kazi ni saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa 7:00 mchana. Wanatumia programu ya QuickBooks, na mimi nimezoea Tally. Naogopa mambo matatu: kwamba nimesahau kazi, kwamba nikitaja mtoto nitakosa nafasi, na kwamba nikinyamaza nitaipata kazi nisiyoiweza kwa sababu ya saa. Je, niseme lini na niseme nini?

Mama wa Tabata

*

Marahaba, binti yangu.

Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka mingi, nikiajiri watu wa hesabu na wa mishahara, na jibu langu kwa swali lako la mwisho ni hili: suala la saa lizungumze baada ya kupewa nafasi na kabla ya kutia saini mkataba. Kabla ya hapo hujawapa sababu ya kukuhitaji, na ukishatia saini umeshakubali saa zilizoandikwa. Muda wenyewe ni mfupi, mara nyingi siku mbili au tatu tu, kwa hiyo yote utakayoyasema humo yaandae sasa.

Nianze na jaribio, maana ndilo litakalokufikisha kwenye mazungumzo hayo. Hujasahau kazi. Mtu aliyeandaa mishahara ya watu 40 kwa miaka minne hapotezi ujuzi huo ndani ya mwaka mmoja. Kinachompata ni kwamba viwango hubadilika akiwa hayupo, naye anaendelea kukokotoa kwa vile alivyovikariri. Kwetu Tanzania mabadiliko mengi ya kodi huja na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Mwaka 2023, kwa mfano, Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, yaani SDL, ilishuka kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5. Mama aliyetoka kwenda kujifungua Mei mwaka huo na kurudi Septemba angeweza kukosea kila mwezi kwa kiasi kidogo kisichoonekana mara moja. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kufungua tovuti ya TRA, kutafuta jedwali la kodi na tozo la mwaka huu wa fedha, na kulilinganisha mstari kwa mstari na lile ulilokuwa ukilitumia. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Baada ya hapo, chukua mshahara mmoja na uukokotoe kwa mkono, kwa sababu majaribio mengi ya usaili wa kazi yako huanzia hapo. Tuchukue mshahara ghafi wa shilingi 900,000, mfanyakazi akiwa NSSF na mwajiri akigawana naye mchango nusu kwa nusu. Mchango wa mfanyakazi ni asilimia 10, yaani shilingi 90,000. Ondoa kwanza hizo, na kiasi kinachotozwa kodi kinabaki shilingi 810,000. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, kiasi kilicho kati ya shilingi 760,000 na shilingi 1,000,000 kinatozwa shilingi 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Kilichozidi hapa ni 50,000, na robo yake ni 12,500, hivyo kodi ni shilingi 80,500. Mfanyakazi anapeleka nyumbani shilingi 729,500. Juu ya mshahara huo mwajiri anatoa NSSF yake shilingi 90,000, na, akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi, SDL ya shilingi 31,500 kwa kiwango cha asilimia 3.5 kilichoanza Julai 2023.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa watu waliokaa nje ya kazi ni kuikokotoa PAYE kwenye shilingi 900,000 moja kwa moja kabla ya kuondoa mchango wa NSSF. Matokeo yake ni kodi ya shilingi 103,000, na mfanyakazi anakatwa shilingi 22,500 zaidi ya inavyostahili kila mwezi. Ukitaka kujipima haraka, tengeneza karatasi ya Excel, weka kiasi kinachotozwa kodi kwenye seli A2, kisha uandike hivi:

```
=IF(A2<=270000,0,
IF(A2<=520000,(A2-270000)*8%,
IF(A2<=760000,20000+(A2-520000)*20%,
IF(A2<=1000000,68000+(A2-760000)*25%,
128000+(A2-1000000)*30%))))
```

Ukiweka 810000 na usipate 80500, kuna mabano au alama uliyoikosea. Ukikuta jedwali la mwaka huu lina tarakimu tofauti, badilisha tarakimu hizo tu na uache mpangilio kama ulivyo. Kompyuta yako ikikataa alama za mkato, jaribu nukta-mkato, kwa kuwa hilo hutegemea ilivyowekwa.

Kuhusu QuickBooks, usijaribu kujifunza programu nzima ndani ya wiki mbili. Tofauti yake kubwa na Tally ni njia ya kuingilia. Kwenye Tally ulizoea kuanza na vocha: F5 kwa malipo, F6 kwa mapokezi, F7 kwa jarida la hesabu. QuickBooks inakupa fomu inayofanana na karatasi halisi, kama ankara, bili ya msambazaji au hundi, na yenyewe ndiyo inayoandika debiti na krediti nyuma ya pazia. Kwa hiyo mtu wa Tally hukwama mahali pamoja: anaona deni la msambazaji limelipwa benki, lakini bili bado inasomeka haijalipwa, kwa sababu aliandika malipo kama hundi mpya badala ya kuifungua bili ile na kuilipa. Tafuta toleo la majaribio lenye kampuni ya mfano ndani yake. Andika miamala 20 uliyokuwa ukiifanya kila mwezi, ukianza na ununuzi wa mkopo, malipo ya msambazaji, mauzo, mishahara na usuluhisho wa benki, kisha uiingize yote. Siku ya usaili sema ukweli, kwamba umefanya kazi kwa Tally miaka minne na umejifunza QuickBooks kwa kampuni ya mfano, ukitaja ulichokifanya. Mwajiri anayejua kazi ataridhika nalo kuliko wasifu uliojaa majina ya programu.

Kwenye wasifu wenyewe, usiufiche mwaka uliopita. Andika tarehe za kuanza na kumaliza kazi yako ya zamani, kisha mstari mmoja: likizo ya uzazi na malezi, kuanzia mwezi fulani hadi sasa. Pengo lisiloelezwa humfanya msomaji ajaze mwenyewe, na mara nyingi hujaza vibaya. Na kama mwajiri wako wa zamani hakukupa cheti cha utumishi, kiombe wiki hii kwa barua. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka akitoe ajira inapokoma, na humo malipo ya likizo ya mwaka uliyoichuma bila kuitumia nayo yanahesabiwa kuwa haki yako.

Nataja hapa jambo ambalo hukuniuliza. Mkataba uliohuishwa mara tatu bila maneno unaweza kumpa mfanyakazi matarajio ya haki ya kuhuishwa tena, na sheria hiyohiyo inahesabu kutokuhuisha katika hali hiyo kuwa ni kuachishwa kazi. Tatizo lako ni muda. Shauri la kuachishwa isivyo halali hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Unaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za kuchelewa, nao watazipima, ila mimi nisingekushauri uyaegemeze maisha yako kwenye ombi hilo. Nenda uulize ukipata nafasi, lakini usaili wa Gerezani ndio uupe nguvu zako sasa.

Tuje kwenye saa, ambako barua yako ndiko ilikolenga. Hesabu zile za tangazo. Saa 2:00 hadi saa 11:00 ni saa tisa. Ukitoa saa moja ya chakula zinabaki nane, na kwa siku tano ni 40. Jumamosi ni saa tano. Jumla ni 45, ambayo ndiyo kikomo cha saa za kawaida kwa wiki katika sheria yetu. Kwa hiyo mwajiri huyu hajavunja chochote, nawe usiende kwake kama mtu anayelalamika kwamba saa ni nyingi. Ila pia hana nafasi ya kukuongezea hata saa moja bila kuilipa kama saa ya ziada, kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hilo likae kichwani mwako, kwa sababu mwisho wa mwezi ofisi za mishahara hupenda kumbakiza mtu.

Ndani ya saa hizo 45, kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wanawake wengi hufikiri haki hii ni ya yule tu aliyetoka likizoni kwa mwajiri huyohuyo. Sivyo, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kama wewe ni mfanyakazi na kama unanyonyesha. Mtu aliyeajiriwa jana, mwenye mtoto wa miezi 11 anayenyonya, anaingia humo. Zingatia lakini kwamba maneno ya sheria ni kikomo cha juu, kwa hiyo kuna nafasi ya kujadiliana kuhusu kiasi na mpangilio, na mjadala huo ndio utakaouandaa.

Mpangilio ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Wewe uko Tabata na kazi ipo Gerezani. Ukipewa saa moja asubuhi na nyingine mchana, hutaweza kwenda nyumbani na kurudi. Utakuwa na haki kwenye karatasi na mtoto asiyekuona. Omba saa zote mbili ziwe mwisho wa siku. Unaingia saa 2:00 kama wenzako, unapumzika saa moja ya chakula, unatoka saa 9:00 alasiri. Foleni ya jioni inakuwa haijakolea, na unakuwa nyumbani mapema badala ya kumkuta mtoto ameshalala.

Mwajiri wako hatasumbuliwa na saa mbili hizo siku ya kawaida. Atakachoogopa ni mwisho wa mwezi, mishahara inapoandaliwa, na siku za mwanzo wa mwezi unaofuata, kwa sababu PAYE na SDL hutakiwa kulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Liseme wewe kabla hajalisema. Ahidi kwamba siku tatu za mwisho za kazi za kila mwezi, na siku tatu za kazi za kuelekea tarehe 7, utatoka saa 10:00 badala ya saa 9:00, na ile saa nyingine utaichukua kwa kukamua maziwa hapohapo ofisini, nusu saa asubuhi na nusu saa mchana. Ukizijumlisha ni saa mbilimbili zilezile, ila zimepangwa kufuata kazi yake. Jumamosi mpe zote tano bila kuomba chochote. Najua Jumamosi ni siku unayoipenda, lakini anayeomba mambo matatu mara nyingi hupewa lile dogo kuliko yote, nawe unalihitaji lile kubwa.

Kwa maneno yako mwenyewe, simu ya kukupa kazi ikija, waweza kusema hivi: "Nashukuru sana, na nafasi naipokea. Kabla ya kutia saini ninaomba tukubaliane jambo moja kuhusu saa. Nina mtoto ninayemnyonyesha, na sheria inatoa hadi saa mbili kwa siku. Ninapendekeza nizitumie mwisho wa siku, nitoke saa 9:00, isipokuwa siku za mishahara na za kodi, ambazo nimezipanga tofauti ili kazi isisimame. Nimeandika ukurasa mmoja. Naomba nikutumie leo, tuujaribu kwa miezi mitatu, kisha tuupitie." Usieleze zaidi. Usimsimulie mama yako anaumwa mgongo au daladala zinavyokawia. Ukurasa huo uwe na kalenda ya mwezi mmoja halisi, siku za saa 9:00 na za saa 10:00 zikionekana kwa tarehe, pamoja na jina la kazi itakayokuwa imekamilika kila siku kabla hujaondoka.

Akikubali kwa mdomo, mwombe mpangilio huo uingie kwenye mkataba. Saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ayaandike, kwa hiyo ombi lako halina ugeni wowote. Nalisisitiza hili kwa sababu moja ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa: kwa miezi sita ya mwanzo, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu mfanyakazi mpya. Katika muda huo, kilichoandikwa ndicho utakachokishika. Marufuku ya ubaguzi, hata hivyo, inafanya kazi tangu siku ya kwanza, na hata kabla yake.

Hapo tunaifikia hofu yako kwamba kumtaja mtoto kutakukosesha nafasi. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito na majukumu ya kifamilia, na kinamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni mfanyakazi kwa ajili hiyo. Bado unaweza kuulizwa kwenye usaili, "Mtoto utamwacha na nani?" Jibu kwa sentensi moja, "Yupo na bibi yake nyumbani, na mpango huo umeshakaa," kisha urudi kwenye kazi kwa kuuliza ni watu wangapi wapo kwenye orodha ya mishahara na nani huidhinisha. Siyo kwamba unaficha kitu; swali la saa lina wakati wake, nawe umeshalipangia. Wakikuuliza moja kwa moja kama utaweza saa za tangazo, usidanganye. Sema kwamba unaweza kazi yote iliyotajwa, na kwamba una pendekezo la namna ya kutumia muda wa kunyonyesha ambalo ungependa kulileta mkifikia hatua ya mkataba.

Na akikataa kabisa? Kwanza muulize ni siku zipi zinazomtia wasiwasi, maana mara nyingi kukataa kote ni kwa ajili ya siku mbili tatu. Kuna njia ya pili iliyo chini ya hapo: utoke saa 10:00 siku zote na ukamue mara mbili kazini. Chini ya hiyo mimi nisingeshuka, kwa kuwa mwajiri anayekataa hata hilo kabla hujaanza atakusumbua zaidi ukiwa ndani. Ukiwa umeshaajiriwa na haki hiyo ikakataliwa, shauri lisilo la kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60. Andika tarehe uliyokataliwa na utunze ujumbe wowote.

Lipo moja la nyumbani ambalo haliwezi kungoja simu ya mwajiri. Kuanzia kesho, mwache mtoto na bibi yake kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 10:00, siku tatu kwa wiki, ukiwa umetoka kweli nyumbani. Nenda maktaba au kwa rafiki ukafanye mazoezi yako ya QuickBooks huko. Mtoto wa umri huu anakula uji na vyakula laini, kwa hiyo hatakufa njaa, lakini anaweza kukikataa kikombe kwa siku kadhaa za mwanzo, na ni bora akikatae sasa kuliko wiki yako ya kwanza kazini. Jizoeze kukamua ukiwa nje. Joto la Dar es Salaam haliyafai maziwa yaliyokamuliwa kukaa mezani, hivyo nunua mfuko wa kutunza ubaridi wenye vipande vya barafu, ambao huyahifadhi kwa hadi saa 24, na nyumbani yaingie kwenye friji ukifika. Siku ya usaili mnyonyeshe kabla hujatoka na uwaulize mapema, kwa ujumbe mfupi tu, jaribio litachukua muda gani, ili usije ukakaa nalo saa nne kifua kikiwa kimejaa na tarakimu zikigoma kukaa kichwani.